Wati kumi na sita mikononi

Mkaguzi alikuwa ameniangusha mwaka jana, na chuo kilisema wazi kwamba nikianguka tena, ualimu nitausikia kwa wenzangu. Ndiyo maana asubuhi ile nilisafisha darasa kupita kiasi. Hapo ndipo nilipojiponza.

Vifaa vyangu vilikuwa kamba nene ya mita kadhaa na mota yenye gurudumu. Nikichomeka pini sentimita tano kutoka katikati ya gurudumu, mkono wa mota huitikisa kamba juu na chini kwa kimo cha sentimita tano. Nikiihamishia kumi, kimo kinakuwa kumi. Swichi ndiyo ya marudio: mara mbili kwa sekunde, au nne. Mita ilionyesha wati, na nilishajua mota hula kiasi gani ikiwa tupu, kwa hiyo kilichozidi ndicho kilichokwenda na wimbi. Chuoni ncha ya pili ya kamba ilizamishwa kwenye sanduku la matambara, na sanduku hilo nilikuwa nimekuja nalo shuleni. Lakini mgeni anakuja, na matambara yale yalikuwa machafu! Nikayatupa stoo, kamba nikaifunga kwenye nondo ya dirisha, kwa unadhifu kabisa.

Mkaguzi akaketi nyuma, ile kalamu yake nyekundu tayari mkononi. Nikawaambia wanafunzi kwa majigambo kwamba nikiongeza kimo maradufu, wati zitapanda mara nne. Nikawasha. Mita ikajikuna kidogo, ikatulia palepale pa mota tupu. Nikahamisha pini, ikajikuna tena. Kamba ilipinda na kuruka kama imepagawa, lakini mita ilikuwa haina habari. Nikasikia kalamu ikiandika, na jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Kisha nikaitazama ile nondo, na kicheko kikanipanda nikashindwa kukizuia. Dirisha halichukui kitu! Wimbi lilifika pale, likageuzwa, likarudi na nishati yake yote hadi kwenye mota. Kinachokwenda kilikuwa sawa na kinachorudi. Matambara niliyoyatupa stoo ndiyo yaliyokuwa mdomo wa kuilia nishati.

Nikafungua fundo, nikawaamuru wanafunzi wote thelathini wapange mistari miwili kuanzia katikati ya kamba hadi mwisho wake. Wa kwanza waiguse kwa vidole tu, wanaofuata wabane kidogo, wa mwisho waishike barabara na kuivuta, ili wimbi limezwe polepole lisipate pa kugongea na kurudi. Mkaguzi akauliza kama hii imo kwenye andalio la somo. Nikamjibu kuwa haimo, na nikamwomba aje ashike pia. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Akaja, akasimama mwishoni, tai ameitupia begani.

Kimo tano, marudio mawili: wati moja. Darasa likatabasamu. Kimo kumi: wati nne. Nikarudisha tano, nikapandisha marudio hadi manne: nne tena. Viganja vilianza kutekenywa na vicheko vikasambaa mstari mzima. Nikauliza nikiongeza vyote viwili itakuwaje. Mkaguzi, nadhani kwa kujisahau, akasema nane.

"Kumi na sita," akasema binti mmoja aliyekaa wiki nne darasani kwangu bila kufungua mdomo.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kila kipande cha kamba kinapanda na kushuka palepale. Kimo kikiwa maradufu, kinakwenda njia ndefu maradufu kwa muda uleule, kasi inakuwa mara mbili. Marudio yakiwa maradufu, muda unakatwa nusu, kasi inakuwa mara mbili tena. Jumla mara nne. Na nishati ya kitu kinachokwenda inakua kwa kasi mara kasi. Nne mara nne."

Nikaongeza tu kwamba nishati ya kuvutika kwa kamba hukua vivyo hivyo, na kwamba wimbi lenyewe halikimbii zaidi, maana kamba imevutwa kwa kani ileile. Kila sekunde urefu uleule wa kamba unaletewa nishati, ila kila kipande kimeshiba mara kumi na sita.

Nikawasha. Kumi na sita! Mikono ikatikisika, mtu akapoteza kiatu, mkaguzi akatetema hadi mashavu, na kicheko kilichomtoka sikuwahi kufikiri anacho. Nilipozima, akaniomba niwashe tena, mara moja tu.

Niliwasha mara tatu. Kisha akajaza fomu kwa mkono ambao bado ulikuwa unacheza, akanipa, akatoka bila kunitazama. Mistari yote ilikuwa mikwaruzo mitupu. Nikaiinua karibu na dirisha, wanafunzi wamenizunguka, hadi mstari wa mwisho, ambapo aliandika neno moja taratibu, herufi moja moja, mpaka likasomeka: amefaulu.