Chakula cha Mchana Ukingoni

Walimwita Mipango, na jina lilimkaa. Ukitaka kuwapeleka watu mtoni kutembea, wakae kivulini, wale washibe, waone wanyama na warudi bila mtu kulalamika mgongo, ulikwenda kwenye kile chumba chake kando ya gati. Kulikuwa na meza moja, feni iliyogeuza shingo kwa taabu, na rundo la majaketi ya kuokolea yenye harufu ya unyevu. Boti ilikuwa ya Nahodha, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Chakula kilikuwa cha mdogo wake Mipango, aliyepewa jina la Kijiko tangu utotoni, kwa sababu hakuna sufuria iliyofunikwa nyumbani kwao ambayo hakuifunua akaonja.

Mwaka huo mvua zilipita mbali. Mto ulisinyaa hadi mafungu ya mchanga yakajitokeza katikati kama migongo ya ng'ombe waliokonda. Wateja nao walipungua. Kwa hiyo simu ya chama cha wauguzi wastaafu ilipoingia, Mipango alisimama kuipokea, kana kwamba aliyepiga anamwona.

"Mwanangu, sisi ni watu wazima," alisema mwenyekiti wao. "Hatutaki mbio. Tunataka boti iende taratibu, tuone viboko, tuone ndege, halafu tule. Kuna wenzetu wana sukari, chakula kisichelewe. Na kiwe cha moto. Tumekula chakula baridi zamu za usiku miaka yote, inatosha."

"Kitakuwa cha moto, mama."

"Na kivuli. Kivuli cha kweli, si cha kitambaa."

"Mtakipata."

Tatizo lilikuwa wapi pa kukipata. Miaka yote wageni walikula kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto, lakini sasa maji yalikuwa yamekauka upande mmoja na kupungua upande wa pili. Mifugo ilivuka kwa miguu, na boti haikuweza kukikaribia. Nahodha alishauri wale ndani ya boti, wametia nanga kwenye maji mapana, chini ya turubai.

"Jiko siruhusu humu," aliongeza. "Moto na mafuta ya injini havilali kitanda kimoja. Watakula baridi."

"Wamekataa baridi."

"Basi tukatafute mti."

Waliupanda mto pamoja asubuhi moja. Nahodha kila siku alianza safari kwa kupanda, ili injini ikizima mto wenyewe uwarudishe nyumbani. Alichoma maji kwa upondo akipima kina, akanung'unika, akapinda, akapima tena. Juu kabisa, kwenye kona, waliukuta mkuyu. Ulikuwa na kivuli kipana kama ukumbi, na chini yake ukingo ulishuka majini polepole, laini, kiasi kwamba bibi mwenye goti bovu angeshuka bila kushikwa mkono. Kwa nyuma palikuwa na njia ya pikipiki iliyokuja kutoka barabarani.

Nahodha aliutazama ule ulaini. "Hapa wanapandia viboko."

Mipango alikuwa ameshaliona hilo. Mavi yalikuwepo, makavu, yametawanywa vichakani. "Wanapanda usiku," alisema. "Alfajiri wako majini. Sisi tunakuja mchana."

"Ni kweli." Nahodha aliitazama nyasi iliyolambwa hadi kwenye udongo, akayatazama maji. "Mchana hulala. Ni kweli."

Wakakubaliana. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake, na huko mbeleni wangelikumbuka hilo kila mmoja kwa njia yake.

Kijiko aliambiwa kazi yake jioni, nyumbani kwa mama yao, akiwa anachambua mchele. Angetangulia kwa pikipiki na makaa na masufuria. Pikipiki ingerudi kuchukua viti na sanduku la barafu. Boti ikifika, chakula kiwe tayari.

"Nitakuwa na nani huko?"

"Pikipiki ikirudi mtakuwa wawili. Sisi tutakuwa tunakuja."

"Sawa, bosi," alisema Kijiko, akamrushia punje za mchele. "Wazee wako wakiniuliza mshahara wangu nitawaambia ukweli." Mama yao alicheka, akamwambia asichezee chakula.

Siku yenyewe ilianza vizuri mno. Wauguzi walikuja wamevaa kofia pana, wakafungwa majaketi huku wakitaniana ukubwa wa viuno. Wakaketi chini ya turubai, wenye macho mabovu upande wa mbele, na chai ikapita. Nahodha aliipeleka boti kama anayebeba mayai. Waliona mdiria akining'inia hewani kabla ya kujitupa majini, kulasitara amesimama kwa mguu mmoja, na mamba mdogo aliyeteleza mchangani bila sauti. Mipango aliwaonyesha kila kitu kwa sauti ya chini.

Viboko walikuwa kwenye dimbwi la mwisho lenye kina, wamebanana kama viazi kwenye sufuria. Nahodha alizima injini mbali, akashikilia boti kwa upondo. Yalibaki masikio, pua, na mikoromo iliyotetemesha mbao za sakafu.

"Mbona wamekonda hivi?" aliuliza mwenyekiti. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa. "Tazama yule. Mbavu zinahesabika."

"Nyasi zimeisha, mama. Wanakwenda mbali kutafuta."

"Na wanarudi saa ngapi?"

Mipango aligeuka kuwahesabu. Aliyatazama yale masikio. Kundi alilolijua lilikuwa kubwa zaidi ya hilo. Jua lilikuwa limeshapanda, na baadhi yao hawakuwa majini.

"Nahodha," alisema. "Twende."

Nahodha alimwangalia usoni mara moja tu, akawasha injini.

Waliusikia mkuyu kabla ya kuuona: mtu wa pikipiki alikuwa anapiga kelele, amepanda juu ya tawi, viti vimemwagika chini. Kijiko alikuwa amelala kati ya jiko na maji. Kiboko alikuwa ametoka vichakani akirudi nyumbani kwake amechelewa, kwa njia yake ya kila siku, akamkuta mtu amesimama kati yake na mto. Basi. Hakumfuata, hakumsumbua zaidi. Alimng'ata mara moja, akamrusha, akaingia majini. Mtu wa pikipiki alifika akamwona kiboko akizama mtoni.

Mipango aliruka kabla boti haijagusa ukingo. Damu ilikuwa imelowesha mchanga kuanzia nyonga hadi gotini. Kijiko alikuwa macho.

"Dada, wali utaungua."

"Acha uungue."

Wauguzi walishuka. Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake waliokuwa wakishikana mikono kupanda boti asubuhi walipiga magoti mchangani bila kushikwa, na sauti zao zikabadilika, zikawa fupi. Mwenyekiti alikunja kitambaa cha meza, akakisukuma ndani ya jeraha, akalalia juu yake kwa uzito wake wote. Mwingine alivua mkanda wake. Mwingine alishika kifundo cha mkono, akasikiliza kwa vidole, akamtazama mwenyekiti na kutikisa kichwa kidogo sana.

"Nani ana simu yenye mtandao?"

Hakuna. Mipango alilijua hilo. Alikuwa ameliandika hata kwenye maelezo ya safari kama kivutio, kwamba huko simu hazilii. Pikipiki haikuweza kumbeba mtu anayevuja hivyo. Ilitumwa barabarani kutafuta gari la wagonjwa likangoje gatini, na Kijiko akapandishwa kwenye boti, akalazwa katikati ya viti, chini ya turubai.

"Kimbiza!" Mipango alimwambia Nahodha.

"Nikikimbiza tunashuka na maji, tukipanda fungu la mchanga hatutoki. Maji yenyewe yatatukandamiza pale."

"Nahodha, kimbiza!"

Alikimbiza kadiri alivyothubutu. Haikuwa kasi. Ilikuwa boti ya kutazamia ndege, pana, nzito, iliyotengenezwa isimwage chai. Kila penye maji meupe ya kina kifupi alipunguza, akachungulia, akapinda, na kila alipopunguza Mipango aliinuka kulitafuta gati kwa macho. Mara moja sehemu ya chini ilikwaruza mchanga na Nahodha akaisukuma boti kwa upondo. Furukombe alilia juu yao. Hakuna aliyeinua kichwa.

Kijiko aliomba maji. Mwenyekiti alimlowesha midomo kwa kidole. Alisema ana baridi, na wale wazee wakavua mitandio yao wakamfunika, mmoja mmoja, rangi juu ya rangi, na bado akasema ana baridi. Halafu hakusema tena. Mwenyekiti aliendelea kulikandamiza jeraha muda mrefu baada ya yule aliyeshika kifundo kuuachia mkono. Gati lilikuwa bado halijaonekana.

"Mwanangu," alisema mwishowe, akimgeukia Mipango. "Njoo umfumbe macho wewe. Ni wako."

Mama yao hakulia mbele za watu. Aliwapokea wauguzi waliokuja kumpa pole, akawashukuru kwa walichofanya, akawapa viti. Walipoondoka alimwita chumbani binti yake aliyebaki.

"Alikuwa peke yake?"

"Alikuwa peke yake, mama."

"Wale wazee uliwauliza wanataka nini. Kivuli, chakula cha moto, mahali pa kushukia. Kila mmoja na goti lake na sukari yake." Mama alikuwa anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja. "Yeye ulimwuliza?"

Mipango alikumbuka lile swali kwenye ungo wa mchele. Kijiko alikuwa ameuliza mwenyewe.

"Sikumwuliza."

"Haya," alisema mama, na hakulisema tena jambo hilo maishani mwake. Alikula chakula cha binti yake, alimwitikia salamu, alimwambia dawa zimekwisha. Mazungumzo mengine yalikauka.

Nahodha aliitoa boti majini, akailaza ubavu nyuma ya gati. Alipokutana na Mipango njiani alimwambia, "Mimi nilisema ni kweli. Nilisema mara mbili." Mipango akamwambia haidhuru. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

Mvua zilirudi. Maji yakakizunguka kisiwa, na simu ikaanza kulia. Mipango aliiacha ilie majuma mengi. Siku aliyoipokea, aliyepiga alikuwa mwalimu mmoja anayetaka kuwaleta wenzake. Aliuliza habari za viboko na za kivuli.

"Kivuli ni cha turubai," alisema Mipango. "Chakula mtakula ndani ya boti, kimepoa. Hatushuki mahali popote."

"Hata kidogo, kunyoosha miguu?"

"Hata kidogo."

Mwalimu alisema atashauriana na wenzake. Hakupiga tena. Mipango aliketi na simu mkononi, feni ikigeuza shingo, hadi kiza kilipoanza kuingia na ikambidi arudi nyumbani kumpikia mama.