Maji Yaliyopata Moto

Macho ya mkamwana yalipogeuka manjano, mama mkwe hakushtuka. Mwezi uliopita watoto wa jirani walipata manjano hayo hayo, wakalala wiki mbili, na sasa walikuwa wakipasua masikio ya watu kwa kelele uani.

"Utapona tu," alimwambia. "Wale watundu walikuwa kama ndizi mbivu. Hebu sikia kelele zao sasa."

"Watundu hawana mimba ya miezi minane, mama."

"Haya, malkia. Kunywa maji."

Akanywa. Siku ya nne mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa, na kwa kuweweseka alimwita mama mkwe kwa jina la dada yake. Ndipo wakampeleka hospitali.

Majibu ya damu yalipotoka, mkunga alimkalisha mama mkwe kwenye benchi.

"Watoto wa jirani tuliwapima hapa, walikuwa na homa ya ini aina ya A. Huyu ana aina ya E. Zote hutoka chooni zikaingia mdomoni, hasa kwa maji. Mtoto akipata A, kwa kawaida hupona. E nayo wengi huishinda, ila mjamzito wa miezi ya mwisho ini lake linaweza kufa kwa siku chache. Kati ya wanne au watano, mmoja tunaweza kumpoteza."

"Dawa?"

"Ya kumaliza virusi hivyo kwake hatuna. Tunausaidia mwili. Maji mlichemsha?"

"Kila siku, kwa mkono wangu. Tangu bomba letu lilipopasuka wakati wa mvua, pale kwenye mtaro wa choo."

"Yalitokota?"

"Yalipata moto. Kidole hakivumilii. Yakitokota yanapoteza ladha, naye alikuwa na kichefuchefu. Nilimwonea huruma."

Mkunga hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Mama mkwe alipiga magoti pembeni mwa kitanda. Aliomba, lakini kila alipofika kwenye "mapenzi yako" ulimi ulikuwa mzito. Mchana mtoto alizaliwa kimya, hana pumzi. Damu ya mama yake haikuganda, ikaendelea kutoka, na jioni ile ile naye akanyamaza.

Mwanawe, mume wa marehemu, alifika kutoka kazini na buti zilizojaa zege miguuni. Alisimama kwenye korido.

"Ilikuwa nini, mama?"

Wanawake waliokuja kumfariji walikuwa tayari na jibu: Mungu amempenda zaidi. Lingetosha. Hakuna ambaye angeuliza tena, na kesho wake za wapangaji wa nyumba yao, wawili kati yao wajawazito, wangeendelea kupasha maji yao kama mama mkwe alivyowafundisha.

"Ni maji," mama mkwe alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mungu msimsingizie. Nilimpa mimi, yamepata moto tu, hayakutokota."

Mwanawe aligeuka akatoka nje. Hakuna aliyemshika mama mkono.