Pesa ya Nyuma ya Mstari

Mimi siitwi mwizi. Niite mkali, niite mbishi kama mama yangu kule Ngokolo, nitanyamaza. Lakini Edson, meneja wa kasino yetu hapa Geita, aliniita mwizi saa nane mchana, wateja wakisikia.

"Dorika, meza yako ya dadu inavuja," alisema, akinipungia karatasi usoni. "Mstari unatuletea faida. Pesa ya nyuma, miezi mitatu sasa, ukijumlisha haijaleta kitu. Na wachimbaji wako wote wanakimbilia nyuma. Mnagawana nini?"

Damu ilinichemka. Mtu kaletwa kusimamia kasino na mchezo wenyewe haujui. Nilimvuta pembeni, nikamfundisha kama mtoto wa chekechea.

Mteja anaweka pesa kwenye mstari. Mrusho wa kwanza ukitoa saba au kumi na moja, ameshinda. Ukitoa mbili, tatu au kumi na mbili, amepoteza. Ukitoa namba nyingine, tuseme nne, basi nne ndiyo inayowindwa: ikirudi kabla ya saba anashinda, saba ikitangulia anapoteza. Na hapo ndipo anaruhusiwa kuongeza pesa nyuma ya mstari.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa njia thelathini na sita. Nne ina njia tatu tu: moja na tatu, tatu na moja, mbili na mbili. Saba ina njia sita. Kwa hiyo anayewinda nne hupoteza mara mbili kwa kila mara moja anayoshinda. Mstari unamlipa elfu kumi kwa elfu kumi. Mrusho wa kwanza ulimpendelea kidogo, lakini haufidii hapa, na hapa ndipo nyumba, yaani kasino, inapokula. Nyuma tunamlipa mbili kwa moja. Apoteze elfu kumi mara mbili, ashinde elfu ishirini mara moja. Nyumba inabaki na nini?"

"Sifuri."

"Na yeye sifuri. Tano na tisa tunalipa tatu kwa mbili, sita na nane tunalipa sita kwa tano, hesabu ni ileile. Leo utakula, kesho utaliwa, mwisho wa safari ngoma droo. Hakuna aliyeiba."

Alielewa. Nilimwona kabisa akielewa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Basi kuanzia sasa nyuma lipa moja kwa moja kama mstari, namba yoyote. Hawa watu wa mashimoni hawahesabu. Ukifanya hivyo, habari ya wizi tunaizika. Hutaki, mlango ule pale."

Nina mtoto shule ya bweni Kolandoto, na mshahara huu ndio unaomsomesha. Edson alilijua hilo. Na eti hawahesabu! Watu wanaogawana mawe ya dhahabu mfuko kwa mfuko mdomoni mwa shimo, wanaojua pointi ya mwisho kwenye mizani ya mnunuzi. Wakisikia mizani ya fulani imechezewa hawagombani naye. Wanabeba mzigo wao, wanahama, na siku hiyohiyo machimbo yote yanajua.

Nilirudi mezani, Edson nyuma yangu. Dadu zilikuwa kwa Mzee Mabula, mwenye shimo, mtu wa Tinde. Namba ilikuwa nne. Alikuwa na elfu kumi kwenye mstari, na ishirini nyuma. Wengine sita walikuwa wameweka kama yeye.

"Wateja," nikasema, kwa sauti ya kufika mlangoni, "meneja amebadilisha malipo. Pesa ya nyuma sasa inalipwa moja kwa moja. Ya mstari haiondoki mpaka mchezo uishe. Ya nyuma ni ruhusa kuiondoa wakati wowote."

"Nne pia, mayu?" Mzee Mabula akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Nne pia, baba."

Aliokota elfu ishirini yake, na mikono mingine sita ikafuata. Kisha akarusha. Mbili na mbili.

Kwa malipo ya zamani, nyuma pekee ingempa elfu arobaini. Niliwalipa wale sita, naye nikamlipa elfu kumi ya mstari. Aliitazama, akamtazama Edson, akavaa kofia yake.

"Wabeja, mayu," aliniambia, yaani asante. Akatoka, na wote sita wakatoka naye.

"Waite," Edson akasema. "Dorika, waambie ninarudisha malipo ya zamani."

"Waambie wewe. Hawahesabu, si ndiyo?"

Sheria yetu ni kwamba anayeacha meza anapiga makofi mara moja, kisha anaionyesha kamera viganja vyake pande zote mbili, ionekane hajaondoka na kitu. Nilipiga makofi. Viganja sikuviinulia kamera. Nilivipeleka mbele ya uso wa Edson, nikaviacha hapo mpaka alipotazama chini, halafu nikaenda kuchukua mkoba wangu.