Limebaki Jaribio Moja

Mama aliniambia namba ile kwa mdomo wake, nami nikaisahau. Nalitanguliza hili kwa sababu nikianza na ya Kaka mtadhani lawama zote ni zake.

Ilikuwa mwaka juzi, nimeinama kwenye cherehani na rundo la sare za shule, pini nne mdomoni. Akasimama mlangoni akasema ameifunga kadi ya simu yake kwa namba ya siri, fundi simu wa pale kona amemfundisha, maana Kaka alikuwa ameshika simu yake bila kuomba na kuanza kuipekua. Akanitajia namba yenyewe. "Ni mwaka," akasema, "huwezi kuusahau." Nikatikisa kichwa, nikaendelea kushona. Mshonaji hasikii kitu wakati anapinda kola.

Mama alifariki Jumatano alasiri. Alhamisi asubuhi nyumba ilikuwa imejaa watu, na Kaka alikuwa ameshapanga kila kitu: mazishi Ijumaa saa nne asubuhi. Kaka ni makamu wa mkuu wa shule, na nyumbani pia ni hivyo hivyo, anatembea na karatasi na kalamu na kuwapa watu wazima kazi kana kwamba ni wanafunzi wa zamu. Kwenye karatasi yake kulikuwa na wajomba, majirani, walimu wenzake, hadi mtu aliyemuuzia Mama mlango wa chuma. Jina la mdogo wetu halikuwepo.

Mdogo wetu sisi tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Miaka tisa nyuma alikuwa akiendesha gari dogo la mizigo, Baba kakaa pembeni yake, likawashinda kwenye kona. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Baba hakutoka. Siku ya maziko ya Baba, mbele ya watu, Kaka alimwambia kwamba siku atakayokanyaga tena pale nyumbani, yeye Kaka ndiye atakayeondoka. Kitinda akaenda zake na mkono wake kwenye bandeji. Akabadilisha namba, na hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa Mama. Mama hakuwahi kusema anayo, lakini mara kwa mara jioni alikuwa akitokea mlango wa nyuma na simu yake, akirudi macho mekundu na uso mwepesi. Nilikuwa najua, nikanyamaza. Katika nyumba yetu kunyamaza kuliitwa adabu.

Basi nikataka Kitinda amzike mama yake. Hilo tu. Sikutaka waombane radhi wala wapatane, nilitaka ashike koleo.

Simu ya Mama ilikuwa ya vitufe, kioo kimekufa tangu mwanzo wa mwaka. Ilikuwa inaita na kupokea vizuri tu, ila huoni kitu. Mama alizoea, vidole vyake vilijua njia, hata ile namba ya siri alikuwa akiibonyeza gizani kila akiwasha. Majina yote aliyahifadhi kwenye kadi. Nikajiona mjanja: nitoe kadi, niweke kwenye simu yangu ya laini mbili, nisome majina. Nikafungua, nikatoa betri, nikatoa kadi. Simu ilikuwa ikiwaka hadi dakika ile, na kama ningeiacha mezani ikaendelea kuwaka tu, nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia.

Simu yangu ikadai namba ya siri. Mama Mdogo, mdogo wake Mama, alikuwa ameketi nami chumbani. Nikamwambia ninachokumbuka, kwamba ni mwaka. Akasema bila kusita: wa kuzaliwa kwake, elfu moja mia tisa arobaini na tisa. Nikabonyeza. Si sahihi, yamebaki majaribio mawili.

La pili nilibonyeza mwaka wangu. Sitajifanya mtakatifu. Mimi ndiye niliyekaa naye, ndiye niliyemkata kucha na kumpeleka hospitali, nikaamini moyoni kabisa kwamba mwaka ambao mtu "hawezi kuusahau" ni ule nilioingia mimi duniani. Si sahihi. Limebaki jaribio moja. Niliona aibu kama mtu aliyejichagulia kiti cha mbele akaambiwa kina mwenyewe.

Nikasema basi, tusiiguse tena. Hapo ndipo Kaka akaingia na karatasi yake, akauliza tunafanya nini. Mama Mdogo akamweleza, na mimi nikashindwa kumzuia kwa wakati. Nilidhani atagomba. Hakugomba. Akachukua simu mkononi mwangu, akavaa miwani, akabonyeza tarakimu nne taratibu kama anaandika alama za mtihani. Niliziona. Ulikuwa mwaka wake.

"Mimi ndiye niliyemfanya aitwe mama," akasema.

Simu ikaandika kwamba kadi imefungwa, iwekwe namba ya kufungulia ya kampuni. Kaka akaitazama kitambo, akanirudishia, akasema huenda ndivyo Mungu alivyotaka. Ukiona Mungu anasingiziwa jambo, ujue kuna mtu ameshindwa kulisema mwenyewe.

Nilikwenda mbio kwa fundi simu wa kona. Aliijua kadi ile, alisema siku anamfundisha Mama aligeuka ukutani ili asimwone akibonyeza. Akaniambia hawezi kunisaidia kwa lolote, kwani iliyofungwa ni kadi, si simu. Namba ya kufungulia ina tarakimu nane na huandikwa kwenye kile kipande cha plastiki ambako kadi hubanduliwa siku ya kwanza. "Na usibahatishe, dada. Ukikosea hiyo mara kumi, kadi imekufa, hata kampuni haiifufui." Kama kipande hakipo, niende dukani kwa kampuni, ila aende mwenye laini.

Kipande hakikuwepo. Nikapiga huduma kwa wateja kwa laini yangu. Nikataja jina la Mama. Kijana wa upande wa pili, kwa upole wa kufundishwa, akasema maelezo hayalingani na ya mwenye laini na hawezi kuniambia ni nani. Afike mwenyewe dukani na kitambulisho.

Nikakumbuka. Wakati ule laini zilipotakiwa kuandikishwa, kitambulisho cha Mama kilikuwa kimepotea. Aliyekwenda naye alikuwa Kaka.

Nilimkuta uani akihesabu viti. Nikamwambia laini ina jina lake, duka ni robo saa kwa pikipiki, linafungwa saa kumi na moja, na sasa ni saa saba. Nikamwambia wakishampa hizo tarakimu, kazi ni ya dakika mbili. Akasema ana wachimba kaburi wanamngoja, ana turubai halijafika, ana mkuu wake wa shule anakuja. Yote yalikuwa kweli, ndiyo maana yalimfaa sana.

"Ni mdogo wako," nikamwambia.

"Maiti haimngoji mtu," akasema, akarudi kwenye viti vyake. Nilimsikia akianza kuhesabu upya.

Tulimzika Mama Ijumaa saa nne, hakuna dakika iliyochelewa. Wakati wa kutupia udongo, Mama Mdogo alichukua konzi mbili, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ya pili ni ya asiyekuwepo. Watu waliinamisha vichwa. Kaka alikuwa akiitazama saa yake.

Siku tatu hakuna aliyeligusa jambo lile. Jumatatu, tukiwa mezani, Kaka akatangaza kwamba kesho yake anakwenda kuifunga laini ya Mama, haifai jina lake kubaki kwenye namba ya marehemu. Mama Mdogo akaweka kijiko chini. "Mwanangu," akasema, "umeshamzika mama yako. Usimzike na mdogo wako." Kaka alimaliza chakula chake chote. Lakini Jumanne asubuhi aligonga mlango wangu, akasema nilete ile kadi.

Dukani tulipewa karatasi yenye namba ya foleni, tukakaa viti viwili vya plastiki. Binti wa kaunta alichukua kitambulisho cha Kaka, akafananisha uso, akamuuliza tarehe ya kuzaliwa na namba ya laini. Kisha akaandika tarakimu nane kwenye kikaratasi, akatusogezea. Mara moja. Jambo nililoliomba uani lilikuwa refu kiasi hicho tu.

Kaka hakukichukua. Aliinama kwenye kaunta akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, je, kompyuta inaweza kuonyesha ile namba ya zamani, aliyoiweka mwenyewe? Binti akasema hapana, ile haijulikani kwao. Hii inawapa nafasi ya kuweka mpya, basi.

"Nilitaka tu kujua," Kaka akasema.

Nikaingiza zile tarakimu nane, nikizisoma moja moja. Simu ikataka namba mpya ya siri. Nikabonyeza elfu moja mia tisa themanini na tatu, mwaka wa Kitinda. Nikarudia kuthibitisha. Ikakubali. Ingekubali mwaka wowote, najua, lakini Kaka alikuwa akitazama vidole vyangu, na aliona.

Mtandao ukarudi. Simu ikatetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena. Jumbe zilikuwa tatu, zote kutoka jina moja, Kitinda. Wa kwanza ulikuwa wa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, wakati ule ule Mama alipokuwa akitokea mlango wa nyuma: Mama leo ni siku yetu, napiga hupatikani, chaji imeisha? Wa pili, wa Ijumaa saa moja asubuhi: Mama niko stendi, nikipanda basi sasa hivi nitafika saa tatu, nije au Kaka yupo? Wa tatu, nusu saa baadaye: Sawa Mama. Sitaki kukuletea ugomvi. Nitangoja unipigie.

Saa tatu. Nilimpa Kaka simu asome mwenyewe. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena. Akavua miwani, akaishika bila kuifuta. Akasema pole pole kwamba nimpigie.

Nikabonyeza jina. Sikufikiri. Nilichukua laini ya kwanza iliyokuwa mbele yangu, na ilikuwa ya Mama. Iliita mara moja tu.

"Mama!" Sauti ilikuwa ile ile, imenenepa kidogo. "Mama, umeniweka roho juu. Siku tano! Nilishaanza kuwaza mabaya."

Nikamsogezea Kaka simu sikioni, akaipokea kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia. Kitinda hakuuliza ni mimi nani. Akasema, kwa heshima, kama mtu anayeongea na mwalimu: "Shikamoo, Kaka. Naomba nipe Mama."

Kaka alinigeukia, akaninyooshea simu. Binti wa kaunta akaita namba ya foleni inayofuata. Mimi nilikunja mikono kifuani, nikamwambia amwambie yeye.