Alivyosema Mama Mweri

Valarie wa ofisi ya wafanyakazi aliiweka barua juu ya meza ya Salha saa tatu na robo asubuhi, akaigonga kwa kucha mara mbili.

"Iweke Kiswahili. Saa tisa Tinga anaitwa ofisini kwa meneja, na sheria inataka aelewe anachosomewa."

Salha Mansur alikuwa karani wa bohari moja ya makontena hapo Changamwe. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya watu wasioelewana: meneja, aliyekuwa mgeni kutoka Ubelgiji na Kiswahili chake kikiishia kwenye "jambo", na wafanyakazi themanini ambao Kiingereza chao hakikufika mbali zaidi ya hapo. Alikuwa mtoto wa Jomvu Kuu, aliyelelewa nyumba ambayo ukiitwa huitiki "eeh", waitika "abee", na ukiomba maji waomba kama unayeomba mkono wa mtu. Kila mtu pale kazini alimsifu kwa adabu yake. Yeye mwenyewe alijisifia zaidi Kiingereza chake, ingawa hakusema.

Akaanza. Barua ilikuwa ya kumwachisha kazi Tinga Gona, dereva wa foklifti, miaka kumi na minne pale pale. Betri nne za malori zilitoweka bohari namba mbili Jumamosi ya wiki mbili nyuma, na kufuli ilikutwa nzima, wala haikuvunjwa. Salha alitafsiri aya ya kwanza bila shida. Ya pili ikamkwamisha. Iliandikwa kwamba shahidi, Mweri Kai, mfagiaji, amesema Tinga *could have opened the store* siku ile.

Akaandika: "Huenda Tinga alifungua bohari." Akaifuta. Akaandika: "Yawezekana Tinga alifungua bohari." Akaitazama, akaweka kalamu chini.

Mama Mweri hakusema hivyo, na Salha alijua, kwa kuwa aliyemhoji ni yeye.

Alisimama, akaketi, akasimama tena. Akaenda dirishani bila sababu, akarudi. Alikumbuka vizuri siku ya mahojiano. Walikaa chumba cha chai, wawili peke yao, maana ndio ulikuwa mtindo: Salha anasikiliza kwa Kiswahili, ananywa chai yake, kisha anarudi mezani na kuandika kwa Kiingereza kilichonyooka, naye shahidi anaitwa kutia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma. Hakuna aliyewahi kulalamika. Nani alalamike, na kwa lugha gani?

Alikuwa amemwuliza, "Mama, msimamizi wa bohari asipokuwepo, Tinga aweza kufungua?"

Na Mama Mweri alijibu, "Aweza. Si mumeandika wenyewe ukutani pale, madereva wanaweza kufungua?"

Basi. Hayo tu.

Salha akashuka ngazi kwenda kuutazama huo ukuta. Tangazo lilikuwa pale pale mlangoni, limekunjamana pembe kwa joto, kwa lugha mbili. Juu, Kiingereza cha meneja: madereva *may open* bohari msimamizi asipokuwepo. Hiyo *may* ni ya ruhusa. Mwenye kampuni amewapa idhini, hana habari kama watafungua au hawatafungua. Chini yake Kiswahili, na Kiswahili kile kilikuwa cha Salha mwenyewe, cha miaka miwili nyuma: madereva wanaweza kufungua. Hakuandika "wameruhusiwa". Aliona "wanaweza" lina upole, halimwamrishi mtu.

Mama Mweri basi alirudisha neno alilopewa na tangazo. Aliulizwa kama mtu ana ruhusa, akajibu anayo. Tena si Tinga peke yake. Madereva wote sita wana ruhusa hiyo, na wote sita wanazijua namba za kufuli.

Sasa Salha akajiuliza, *could* ilitoka wapi? Akapata jibu kabla hajamaliza kuuliza, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Shuleni walifundishwa kwamba *can you* ni ya kumwambia mwenzio, na *could you* ni ya kumwambia mkubwa, ndiyo yenye heshima. Ni kweli, lakini ni kweli kwa mtu anayeomba. Salha aliichukua heshima ile akaipaka kila mahali, kwenye maombi na kwenye taarifa, kama mtu anayetia sukari hata kwenye mchuzi. Kila *can* aliyokutana nayo aliiona kavu, akaigeuza *could*. Na kwa kuwa kisa kilikuwa cha siku iliyopita, akaongeza *have*, sentensi ipendeze. Hapo ruhusa ikawa shaka. Mtu akisoma *he can open it*, anaelewa kwamba Tinga anajua namba za kufuli, au kwamba amekubaliwa. Akisoma *he could have opened it*, kwenye barua ya wizi, anaelewa kwamba pengine ndiye.

Alipanda ngazi mbili mbili.

"Valarie, ile kauli ya Mama Mweri nimeikosea."

Valarie hakuinua uso. "Umekosea nini?"

"Amesema Tinga ana ruhusa. Mimi nimeandika huenda alifanya."

"Salha, *can*, *could*, *may*, si zote ni kuweza? Mama ametia sahihi. Meneja ametia sahihi. Ukitaka kubadilisha, niletee kauli mpya, ya huyo mama mwenyewe, kabla ya saa tisa. Si ya kichwa chako."

"Mama Mweri leo hayuko zamu."

"Basi hiyo si shida yangu."

Ilikuwa saa tano kasoro. Salha alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na wa mwaka huu ulikuwa unaishia mwezi ujao. Hakuomba ruhusa ya kutoka. Aliona akiomba atanyimwa, na akinyimwa atatii, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yake. Akachukua karatasi na kalamu, akapita getini akitazama mbele, akasimamisha bodaboda imfikishe Miritini, nyumbani kwa Mama Mweri.

Barabara ya Miritini ilijaa malori yaliyopanga foleni upande mmoja. Dereva wa boda alipenya katikati yake, na Salha, ambaye kila siku huwaambia madereva wa boda waende polepole, leo alikuwa akimgonga begani aongeze. Alikuwa na hofu ya kila kitu: kwamba Mama Mweri amekwenda shamba, kwamba atakataa, kwamba saa inakwenda. Zaidi ya yote aliogopa kumtazama usoni.

Alimkuta uani anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni? Mbona wahema hivyo?"

Salha alimweleza bila kuketi, akizunguka huku na huku pale uani hadi kuku wakamkimbia. Mama Mweri aliacha mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole:

"Kumbe ndiyo sababu."

"Sababu ya nini, mama?"

"Siku kumi sasa namwamkia Tinga, hanijibu. Apita kama hanioni. Mkewe tulikuwa tukienda kisimani pamoja, sasa aenda peke yake. Kanisani wamenihama benchi. Mie nikajiuliza, nimewakosea nini watu hawa? Nimelala nikiwaza, nimeamka nikiwaza." Sauti yake ilipanda. "Kumbe nimemfanya mtu mwizi, na sina habari! Jumamosi hiyo mie sikuwa kazini hata. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuniuliza."

Ni kweli. Hakumwuliza. Alishapata sentensi nzuri, akaona yatosha, na siku ile ile habari ikavuja ofisini hadi kwa Tinga kwamba Mama Mweri amemtaja.

"Nisamehe, mama."

"Ya kusamehe baadaye. Kaa kitako, uandike. Na safari hii wanisomea kila neno kwa lugha yangu, sitii sahihi mpaka nisikie."

Salha akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, karatasi gotini. Aliandika sentensi moja moja kwa Kiingereza, na kila moja akaigeuza na kuisoma kwa sauti.

"'Tinga ameruhusiwa kufungua bohari msimamizi asipokuwepo, kama madereva wote.'" Kwenye karatasi alikuwa ameandika *may*.

"Ndivyo."

"'Tinga anajua kuifungua kufuli ile, kama madereva wote.'" Hapo ameandika *can*, akaiacha ilivyo, kavu.

"Ndivyo. Hata mie naijua, kwani siwaoni wakibonyeza?"

Salha akasita, kisha akaliandika na hilo. Ya tatu aliitamka kwa sauti ndogo kabla ya kuiandika, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye barua. "'Huenda Tinga alifungua Jumamosi.'"

"Hilo silijui," Mama Mweri alisema. "Andika silijui. Mwulize aliyekuwapo."

Salha hakuandika *could* wala *might*. Aliandika kwamba shahidi hakuwepo kazini siku hiyo na hajui. Mama Mweri alitia sahihi, herufi kubwa kubwa, akiikandamiza kalamu.

Saa tisa kasoro dakika tano Salha aliingia ofisini kwa meneja na vumbi la Miritini mpaka magotini. Tinga alikuwa ameshaketi, kofia ya kazi mapajani, akiizungusha. Hakumsalimu mtu.

Meneja alisoma karatasi mpya, akaisoma tena, akaweka ile ya zamani pembeni yake. Akauliza kwa Kiingereza, bila ukali, swali ambalo Salha alikuwa akilingoja tangu asubuhi: shahidi amebadilisha maneno?

Kulikuwa na mlango hapo, na ulikuwa wazi. Angeweza kusema naam, wazee husahau, na kesho angekuja kazini kama kawaida.

"Hapana," Salha akasema. "Shahidi hajabadilisha neno. Aliyebadilisha ni mimi." Akaeleza: tangazo, *may* aliyoifanya "wanaweza", *can* aliyoiona haina adabu. Alitaja kila kosa kwa jina lake. Valarie alitazama sakafu. Meneja alimsikiliza, kisha akaichukua barua ya kumwachisha Tinga kazi, akaikunja mara mbili, akaitia droo. Uchunguzi utaanza upya, alisema, na wataulizwa waliokuwapo. Kisha akanyoosha mkono, na Salha akaelewa anachotaka. Akampa daftari la kumbukumbu za vikao, lile alilokuwa akiandikia kauli za mashahidi. Meneja akampa Valarie, aandike yeye tangu leo. Kuhusu mkataba wake, alisema, watazungumza Jumatatu.

Salha akamgeukia Tinga ampe habari kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakulipamba hata neno moja.

"Hujaachishwa kazi. Mama Mweri hakukushuku. Hakusema huenda ulifungua. Neno hilo nililiandika mimi, kwa kosa langu."

Alitarajia atukanwe. Alikuwa tayari. Lakini Tinga hakumtazama hata. Kofia ilikoma kuzunguka.

"Hakusema?"

"Hakusema."

"Siku kumi," alisema. "Kila asubuhi pale getini. Habari ya kuamka, Tinga. Siku kumi, na mie nageuza uso."

Akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Kutoka dirishani Salha alimwona akivuka uwanja, akipita mlango wa bohari namba mbili bila kuutazama, akapita getini na zamu yake haijaisha, akasimama barabarani na kuinua mkono, upande wa kwenda Miritini.