Tromboni ya Kukodi

Notisi ya shule ilimfikia Mwangi kwenye simu akiwa Lusail, katika nchi ya Kiarabu walikohamia kikazi, kwenye maegesho ya hoteli alikokuwa msimamizi wa madereva. Ilitoka kwa Mwalimu Owen wa muziki, na iliwahusu wazazi wa watoto waliokuwa wakianza bendi. Ilishauri wakodi ala mwaka wa kwanza, kwa sababu wengi huacha au hubadilisha ala mwaka huo, na ala ya kukodi ikichakaa kwa matumizi ya kawaida, duka ndilo huitengeneza. Anayetaka kununua iliyotumika amwonyeshe mwalimu kabla ya kulipa.

Mwangi hakufika mwisho.

"Kukodi ni kulea mali ya watu," alimwambia mkewe Phyllis jioni, nyumbani kwao Abu Hamour. "Nimepata filimbi ya chuma. Kuna familia Al Wukair inarudi kwao, inauza vitu. Inang'aa, hata kasha lipo."

"Hiyo notisi umeisoma yote?"

"Mama Tiff, filimbi ni filimbi."

Binti yao Tiffany, mwenye miaka kumi, aliinua macho kutoka kwenye kitabu. "Daddy, mimi nilichagua tromboni."

Ilikuwa kweli. Siku ya majaribio watoto walipewa ala zote wazijaribu. Filimbi ilimpa kizunguzungu bila sauti yoyote. Lakini tromboni, ile tarumbeta ndefu yenye mrija wa kusukuma, ilinguruma alipoipuliza mara ya kwanza, na Mwalimu Owen akaandika jina lake palepale.

Mwangi alicheka. "Wewe? Mkono wako hauwezi kusukuma ule mrija hadi mwisho."

"Mwalimu anasema anayeanza hahitaji kufika mwisho."

"Na isitoshe, ile ni ya wavulana."

"Nani amesema?" Phyllis aliuliza.

Kesho yake filimbi ilinunuliwa. Jumapili, wiki ya shule ilipoanza, wote watatu waliipeleka katika chumba cha muziki. Mwalimu Owen alibonyeza vifuniko vya matundu kimoja kimoja, akapuliza, akasikiliza.

"Pedi zilizo chini ya vifuniko zimekauka na kupasuka," alisema. "Hewa inavuja kila mahali. Ni filimbi nzuri, lakini pedi zote zibadilishwe, na fundi atataka karibu kile ulicholipa. Ndiyo maana niliomba niione kwanza."

"Basi itengenezwe," Mwangi alisema. "Atapiga hii."

Tiffany aliirudisha filimbi ndani ya kasha, akafunga, akalisukuma mbele ya baba yake.

"Hata ikitengenezwa sipigi. Mnaweza kunilazimisha niishike, Daddy, lakini pumzi ni yangu."

Mwalimu alijifanya anapanga karatasi. Mwangi, shingo imemvimba, alibeba kasha lake. "Basi hakuna bendi!" alisema, akatangulia kwenye gari. Phyllis aliyekuwa nyuma ya usukani naye hakumbembeleza.

Jumamosi Phyllis alimchukua mtoto wakaenda dukani kukodi tromboni. Alisoma mkataba wote akiwa amesimama. Ulikuwa wa mwaka wa shule, ila ala ingeweza kurudishwa mapema kwa kutoa taarifa ya mwezi mmoja. Mrija ukianguka na kubonyea, gharama ni ya mzazi, isipokuwa awe amelipia kinga ya uharibifu. Sehemu ya kodi ingehesabiwa kwenye bei kama wangeamua kuinunua baadaye. Alilipia kinga, akatoa kitambulisho chake cha ukaazi.

"Na mume wako, atakuja kusaini?" muuzaji aliuliza.

"Kwani yeye ndiye anayekodi?"

Mwangi aliporudi kutoka kazini alikuta kasha refu jeusi sebuleni.

"Nilisema hakuna bendi."

"Ulisema," Phyllis alijibu. "Mimi nimesema iko. Nimelipa kwa mshahara wangu, na sahihi ni yangu."

"Kesho utairudisha."

Sauti nzito, ndefu, ikatoka chumbani kwa Tiffany. Ikayumba, ikakatika, ikaanza tena kwa nguvu zaidi. Mwangi aliita jina la binti yake mara mbili. Sauti haikukoma. Akachukua chai yake, akaenda kunywea kwenye balkoni.

Wiki zilizofuata alinung'unika kila jioni, na kila jioni tromboni ilipigwa. Filimbi hakuitengeneza, wala hakukubali kuiuza.

Desemba shule ilifanya tamasha. Mwangi alikuja na sare ya kazi, akaketi akiwa amekunja mikono. Tiffany alikuwa mstari wa nyuma, msichana pekee kati ya wapiga tromboni. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mvulana wa tarumbeta aliyekuwa mbele yake aligeuka akaziba sikio, akamwashiria apunguze sauti.

Tiffany alimtazama. Kisha aliangalia karatasi yake, iliyosema wimbo wa pili upigwe kwa nguvu, akavuta pumzi hadi mabega yakapanda, akaupiga hivyohivyo.

Mvulana aliruka kitini. Katikati ya watazamaji waliotulia, Mwangi aliangua kicheko kikubwa, hadi Phyllis akamkanyaga mguu.