Esnath Alipoingia Chumbani

Naitwa Pudensiana, muuguzi wa tiba shufaa, yaani wa wale wagonjwa ambao hatuwezi tena kuwaponya lakini maumivu yao tunayaweza. Kwetu ni Bukoba. Nipo Tukuyu mwaka wa kumi na moja sasa na bado sijapatana na mvua ya hapa. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwamba nina hasira za karibu, hasa nikiwa nimelowa.

Siku Lugano aliponivizia nje ya wodi nilikuwa nimelowa. Lugano ni mwalimu wa sekondari kule Mbeya, mrefu, amenyoosha shati mpaka unaogopa kumshika mkono. Baba yake, mzee Ambilikile, mkulima wa ndizi na chai wa Lufingo, alikuwa ameshindwa kumeza ugali tangu Januari. Mbeya walimwingiza kamera kooni, wakakata kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Majibu yakarudi mwezi Machi: saratani ya njia ya chakula, na picha zikaonyesha imeshafika kwenye ini. Upasuaji haungesaidia kitu.

"Sista," Lugano aliniambia, "mzee asijue. Tumemwambia ni vidonda vya tumbo."

"Nani amekupa majibu wewe?"

"Daktari Prosper."

Nilimwacha hapohapo nikamtafuta Prosper. Ni daktari kijana, mpole mpaka anakera. Nikamuuliza tangu lini majibu ya mtu mzima mwenye akili zake anapewa mwanawe kwenye korido. Akasema mzee alikuwa amelala na Lugano alikuwa ameuliza kwa adabu. Adabu! Ugonjwa ni wa mzee, na mzee ndiye wa kutuambia nani mwingine aujue. Prosper akaniomba radhi mimi, wakati aliyestahili kuombwa radhi alikuwa amelala kitanda namba sita.

Nikarudi kwa Lugano nikiwa nimepoa kidogo. Kwenye kazi hii familia ikikuomba ufiche, hukimbilii kubisha. Unauliza inaogopa nini.

"Jirani yetu aliambiwa," alisema. "Akageukia ukutani, akakataa hata uji. Wiki mbili tukamzika. Mimi siwezi kumuua baba kwa neno moja."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwonea huruma, na huruma inanipunguzia kelele.

"Sikiliza, mwalimu. Sitamkurupusha baba yako na habari ambayo hajaitaka. Lakini akiniuliza, simdanganyi. Nitampima kwanza anataka kujua kiasi gani. Akisema mambo yake nizungumze na wewe tu, nitazungumza na wewe, na yeye nitampa dawa na stori za Bukoba."

"Hatauliza," Lugano alisema. Tukakubaliana hivyo, kila mmoja akiamini ameshinda.

Nikaanza kwenda Lufingo kila Jumatano kwa pikipiki ya hospitali. Huko ndiko nilikouona uongo ukifanya kazi, maana uongo nao unahitaji kuhudumiwa kila siku.

Kwanza dawa. Nilimwachia mzee morfini ya maji, ya kunywa kila baada ya saa nne bila kusubiri maumivu, pamoja na ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga tumbo. Lugano alikuwa ameibandua karatasi ya chupa asije mtu akaisoma. Mzee naye, akijua ni vidonda tu, alikunywa pale alipozidiwa, halafu akashushia na maji ya kabichi aliyoshauriwa na majirani. Akakesha na maumivu ambayo hakuwa na sababu ya kuwa nayo.

Pili, koo. Mbeya walikuwa tayari kumwekea kibomba cha waya cha kupanua njia ya chakula, apitishe angalau mtori. Alikataa. "Vidonda vinapona vyenyewe," aliniambia. "Ya nini kutiwa waya?" Lugano akaangalia dari.

Tatu, na hapo ndipo palipouma, harusi. Tusajigwe, bintiye wa mwisho, alikuwa ameshachumbiwa na kijana wa Nkunga, mahari imekwisha, imebaki harusi kupangiwa siku. Mzee akaiweka Desemba. "Nikipona," alisema. "Siwezi kumtoa mwanangu wa mwisho nimelala, wageni wanakula nyama mimi nanyonya uji." Watu wa Nkunga wakakubali. Wote nyumbani walijua Desemba hatafika, na hakuna aliyeweza kumwambia aiwahishe bila kumwambia kwa nini. Tusajigwe alikuwa akinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, anaishia kulia katikati ya migomba. "Ninataka baba anitoe," alisema. "Basi, hilo tu." Na mimi nilikuwa nimefungwa na ahadi yangu mwenyewe. Kila Jumatano nilimfungulia mzee mlango. "Baba, unauonaje huu ugonjwa?" Naye akanijibu, "Vidonda," akinikazia macho.

Jumatano ya katikati ya Mei, Lugano akiwa nyumbani kwa mwisho wa juma aliourefusha mwenyewe, mzee alimtuma akamkatie ng'ombe majani. Ng'ombe alikuwa ameshiba mpaka hajiwezi. Lugano akaenda.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "juzi Esnath aliingia humu."

Esnath ni mke wa Lugano. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Vijana wengi siku hizi hawana habari na mambo hayo, lakini kwa mzee Ambilikile mwiko ulishikwa. Miaka kumi na minne Esnath alimpikia, na bakuli likaingia kwa mikono ya wengine.

"Akapiga magoti pale mlangoni, kichwa kwenye kitenge. Akanisalimia. Akaomba msamaha kama aliwahi kunikosea. Atanikosea lini, na hata sura yake siijui?"

Nilijizuia nisicheke.

"Nimewaona wazee wenye vidonda vya tumbo," aliendelea. "Hawaletewi wakwe."

Hapo nikacheka, sikuweza kujizuia tena. Halafu nikaona kwamba yeye hacheki, ananisubiri.

Nikazima simu. Nikavuta kigoda mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Baba, kuna wagonjwa wanaotaka kujua kila kitu, na kuna wanaotaka watoto wao wajue kwa niaba yao. Wote wana haki. Wewe ni yupi?"

"Ng'ombe wangu akiumwa, namfunua mdomo mwenyewe."

"Nianze sasa, au ungependa Lugano awepo?"

"Sasa. Lugano atalia, nitaanza kumbembeleza, sitasikia."

"Basi nina habari, na si nzuri." Nikamwacha ajishike. "Si vidonda. Ni saratani. Iko kwenye njia ya chakula na imefika kwenye ini. Maumivu tunaweza kuyazuia. Kuiponya hatuwezi."

Baada ya hapo kazi ni kufunga mdomo, na Mungu ananijua mimi na mdomo. Mzee aliangalia migomba dirishani muda mrefu. Chozi moja likashuka, akaliacha. Nikashika mkono wake na nikawa na huzuni kabisa, wala siombi radhi kwa hilo.

"Lini?" aliuliza.

"Siku siijui. Kwa ninavyokuona, mwezi mmoja, labda miwili. Naweza kukosea huku au huku."

Akahesabu kwa vidole juu ya blanketi. "Kanisani kwetu ndoa inatangazwa Jumapili tatu. Jumamosi inayofuata ndiyo inafungwa. Nitafika?"

"Nadhani utafika. Kukuahidi siwezi."

"Ndaga," alisema, ndiyo asante ya kwao. "Wewe ni wa kwanza humu ndani kuniambia hujui kitu."

Nikamwuliza nani ajue kwamba anajua. Akasema wote, aanze Lugano. Nikamwita. Aliingia na majani kwenye shati, akaniangalia, akaelewa.

"Unajua tangu lini?" baba yake alimwuliza.

"Machi, baba."

"Tangu Machi umeibeba hii peke yako?"

Nilitegemea mzee agombe, na Lugano nadhani alitegemea hivyohivyo. Lugano akashuka sakafuni, mwanamume mzima, akalia kichwa kikiwa kwenye blanketi. Baba yake akamshika kisogo. "Sasa tumekuwa wawili," alimwambia. "Na huyu wa Bukoba wa tatu, ana mabega."

Nje Lugano alinikabili. "Uliniahidi, sista."

"Nilikuahidi sitaanza. Ameanza yeye, na aliyemwanzisha ni mke wako."

Akakaa kwenye kibaraza. "Ni mimi nilimruhusu. Alisema hawezi kumzika mtu ambaye hajawahi kumsalimia." Akaanza kucheka huku bado analia. "Miezi miwili nimebandua karatasi za dawa!"

Kuanzia siku hiyo mzee alikunywa morfini kwa saa, akalala usiku mzima. Kabichi akaipa mbuzi. Alikwenda Mbeya kuwekewa kibomba, akarudi anateremsha mtori na supu, na akaanza kutoa amri. Lugano alikwenda Nkunga kuwaeleza wakwe ukweli, wakakubali haraka kuliko tulivyotarajia. Mchungaji akatangaza Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuwahi kuhesabu Jumapili kwa wasiwasi namna ile.

Alifika. Walimkalisha kwenye kiti cha mikono mbele ya kanisa, suti imemzidi, na ulipofika wakati wa kumtoa binti akakataa kusaidiwa. Alisimama akimshika Tusajigwe, au Tusajigwe akimshika yeye, sikuona vizuri kwa sababu nilikuwa nalia, na safari hii hapakuwa na mvua ya kuisingizia. Kwenye sherehe akaomba kipaza sauti. "Nina saratani," aliwaambia. "Mwenye neno na mimi aje leo, msiniletee kaburini." Watu wakapanga foleni mpaka wapishi wakalalamika.

Jumatano iliyofuata nilimkuta amechoka sana. Hakutaka tena kula, na nilimweleza Lugano kwamba asimlazimishe, kwamba ni mwili unafunga kazi na si kukata tamaa. Lugano alikuwa ameomba likizo. Alikaa kitandani, akamlowesha baba yake midomo kwa pamba, halafu akauliza swali ambalo hakuweza kuliuliza tangu Machi, maana mwenye vidonda vya tumbo huwezi kumwuliza.

"Baba, unaogopa?"

Mzee alifikiri. "Naogopa," alisema. "Sogea huku."

Lugano akavua viatu, akapanda kitandani, akalala ubavuni kwa baba yake na shati lake lililonyooshwa. Nikaiacha chupa ya dawa mezani, karatasi yake ikiwa imeandikwa kila kitu, nikatoka kutafuta pikipiki.